Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kununua Tiketi za Bahati Nasibu kwa Kuchangiana na Mkataba wa Kugawana Zawadi

Maswali yafuatayo yanahusu vikundi vidogo vya wafanyakazi au marafiki wanaochangiana fedha kila wiki, wakamkabidhi mmoja wao anunue tiketi kwa niaba ya wote. Mifano imewekwa katika mazingira ya Dodoma, ambako vikundi hivyo hupatikana maofisini Mtumba, kwenye karakana za Kizota na hata katika vijiwe vya bodaboda.

Kikundi cha tiketi kinatofautianaje na mchezo au kikoba?

Watu wengi huanzisha kikundi cha tiketi kwa mazoea ya mchezo wa kupeana fedha, wakidhani kwamba kinachofaa kule kitafaa na huku. Tofauti ni kubwa. Katika mchezo, kila mwezi kuna mtu anapokea, kwa hiyo kasoro yoyote huonekana mapema: aliyechelewa kutoa anajulikana, mweka hazina mwenye mkono mrefu anajulikana, na kanuni hurekebishwa kabla hasara haijawa kubwa. Kikoba nacho kina katiba, daftari na kikao.

Kikundi cha tiketi kinaweza kukaa miaka mitatu bila kupata chochote cha maana. Katika miaka hiyo hakuna kanuni hata moja iliyojaribiwa, kwa sababu hakuna kilichogawanywa. Siku zawadi inapoingia ndipo watu wanapogundua kwamba kila mmoja alikuwa na kanuni zake kichwani.

Tiketi ikishinda, mbele ya kampuni inayoendesha droo mshindi ni nani?

Ni mtu mmoja tu. Ikiwa tiketi imenunuliwa kwa simu, mshindi ni yule ambaye namba iliyonunua imesajiliwa kwa jina lake na alama zake za vidole. Ikiwa ni tiketi ya karatasi, anayeisalimisha akiwa na kitambulisho ndiye atakayehudumiwa. Kampuni haina habari za wenzake saba waliotoa elfu moja moja, na haina wajibu wa kuwatafuta.

Kwa hiyo wachangiaji wengine hawaidai kampuni, wanamdai mwenzao. Haki yao yote imesimama juu ya makubaliano kati yao na mshika tiketi, na swali la mkataba ni swali la namna gani watayathibitisha makubaliano hayo iwapo yeye atayakana, atayasahau au atafariki.

Je, makubaliano ya mdomo hayatambuliwi na sheria?

Yanatambuliwa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, hakidai kwamba kila mkataba uandikwe ndipo uwe mkataba. Kinachotakiwa ni ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Ugumu wa makubaliano ya mdomo hauko katika uhalali wake, uko katika kuthibitisha kwamba yalikuwepo, na kwamba wahusika walikusudia yawafunge.

Kuna kesi mbili za Uingereza zinazoonyesha jambo hili vizuri. Maamuzi ya huko hayazifungi mahakama zetu, ingawa huweza kutajwa kama hoja ya kushawishi. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1955, watu watatu wa nyumba moja, yaani bibi, mjukuu wake na mpangaji, walikuwa wakishiriki pamoja shindano la gazeti kila wiki, na fomu ikitumwa kwa jina la bibi. Waliposhinda pauni 750, bibi alikataa kumpa mpangaji. Mahakama ilimpa mpangaji theluthi yake, pauni 250, kwa kuwa mwenendo wao wa kila wiki ulionyesha wazi kwamba ile ilikuwa shughuli ya pamoja. Katika kesi ya pili, ya mwaka 2007, marafiki watatu walikwenda kucheza bingo na mmoja akashinda zaidi ya pauni 100,000. Wenzake walidai kwamba walikubaliana kugawana. Mahakama ya Rufani iliona kwamba maneno waliyozungumza yalikuwa mazungumzo ya marafiki tu, hayakufikia kuwa mkataba, na wakaondoka mikono mitupu.

Ukizitazama kesi hizo pamoja, utaona kwamba waliopata na waliokosa wote walitegemea maneno ya mdomo. Kilichowatofautisha ni ushahidi wa mwenendo, na ushahidi huo mmoja aliuacha wiki baada ya wiki bila hata kujua kwamba anauacha. Mimi nisingependa haki ya mtu yeyote isimame juu ya bahati ya namna hiyo.

Sheria hiyohiyo inasema makubaliano ya kubahatisha ni batili. Mkataba wetu hautaangushwa kwa sababu hiyo?

Swali hili ni zuri na huulizwa na watu waliosoma. Kifungu cha 30 kinabatilisha makubaliano ya kuwekeana dau, yaani wewe na mimi kukubaliana kwamba timu fulani ikifungwa nikulipe na ikishinda unilipe. Wanachama wa kikundi cha tiketi hawawekeani dau wao kwa wao. Wote wako upande mmoja: tiketi ikishinda wamepata wote, ikikosa wamekosa wote. Mkataba wao ni wa kununua kitu kwa pamoja na kugawana kitakachotoka.

Sheria yetu ya Mikataba imefuata kwa karibu ile ya India, na Mahakama ya Juu ya India iliwahi kuamua mwaka 1959 kwamba ushirika wa watu wanaoingia pamoja katika biashara ya dau si haramu kwa sababu tu dau lenyewe haliwezi kudaiwa mahakamani. Kikundi chetu kina hoja nyepesi zaidi ya hiyo, mradi tiketi ni za bahati nasibu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kila mwanachama ametimiza miaka 18. Kikundi kinachochezea bahati nasibu isiyo na leseni hakina lengo halali, na karatasi haitakiokoa.

Ugomvi huanzia wapi hasa?

Watu hudhani ugomvi mkubwa ni wa mshika tiketi kutoroka na fedha. Hutokea, lakini ulio wa kawaida zaidi ni ugomvi wa watu waaminifu kuhusu yule ambaye wiki hiyo hakutoa mchango wake. Naomba niueleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo mikataba mingi iliyoandikwa haraka huwa kimya.

Tuchukue wafanyakazi wanane wa ofisi moja Mtumba. Kila Ijumaa kila mmoja anatuma shilingi 1,000 kwa mshika tiketi, naye ananunua tiketi nane za shilingi 1,000. Ijumaa moja dereva yuko safarini Kondoa, mahali ambapo mtandao unakatikakatika, na hakutuma. Saa 11 jioni mhasibu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nimemwekea dereva." Anatuma shilingi 2,000. Tiketi nane zinanunuliwa, na moja inashinda. Baada ya makato, kinachopokelewa ni shilingi 24,000,000.

Sasa msikilize kila mmoja. Dereva anasema alikopeshwa elfu moja na mwenzake, atairudisha, na fungu lake ni shilingi 3,000,000 kama la wengine wote. Mhasibu anasema, tena bila nia mbaya, kwamba dereva hakumwomba mkopo. Yeye alijitolea kujaza nafasi iliyokuwa wazi kwa fedha yake mwenyewe, na iwapo tiketi zingekosa hakuna ambaye angemrudishia, kwa hiyo anastahili mafungu mawili, yaani shilingi 6,000,000. Wa tatu anasema asiyetoa hayumo, na mhasibu hawezi kuwa watu wawili, hivyo zigawanywe kwa watu saba, kila mmoja shilingi 3,428,571.

Hoja zote tatu zina mantiki. Ndiyo maana kikao cha usuluhishi hakimalizi jambo hili: hakuna mwongo wa kumkamata. Neno "nimemwekea" linaweza kuwa na maana ya mkopo, ya zawadi au ya kununua nafasi, na kila mmoja atalisoma kwa namna inayomfaa.

Kinachohitajika ni sentensi mbili zilizoandikwa kabla ya siku hiyo. Mimi hupendekeza hizi: "Mchango wa mwanachama ukilipwa na mwanachama mwingine kabla ya droo, utahesabiwa kuwa ni mkopo kwa aliyelipiwa, na fungu litabaki kuwa lake, mradi jina lake limo kwenye orodha ya wiki hiyo iliyotumwa kundini kabla ya droo. Mwanachama ambaye hakuchangia wala hakulipiwa hamo katika droo ya wiki hiyo, lakini uanachama wake unaendelea."

Kikundi chenu kinaweza kuchagua kanuni nyingine, hata ile ya mafungu mawili kwa aliyelipa mara mbili. Kanuni yoyote kati ya hizo tatu inavumilika ikiwa ilikubaliwa wakati hakuna aliyejua nani atakuwa safarini.

Mkataba uandikwe mambo gani?

Ukurasa mmoja unatosha. Uanze na tarehe, majina kamili ya wanachama kama yalivyo kwenye vitambulisho vya Taifa, na namba za simu wanazotumia kutuma michango. Kisha sentensi ambayo ndiyo moyo wa karatasi nzima: "Tiketi zote zitakazonunuliwa kwa michango ya kikundi ni mali ya wanachama wote waliomo katika droo husika kwa mafungu sawa, na mshika tiketi anazishika kwa niaba yao." Bila sentensi hiyo, mshika tiketi anaweza kusema kwamba alikuwa akiwauzia nafasi tu, au kwamba ahadi ya kugawana ilikuwa hisani yake.

Yafuate mambo ya wiki: kiasi cha mchango, siku na saa ya mwisho, nani anashika tiketi na nani anachukua nafasi yake akiwa likizo, na ile kanuni ya asiyechangia. Andikeni pia kwamba kinachogawanywa ni fedha iliyopokelewa baada ya kodi na makato, ili mshika tiketi asije akabebeshwa kodi ya watu wanane peke yake. Zawadi ndogo zisisahaulike. Shilingi 5,000 haigawanyiki kwa maana kwa watu wanane, kwa hiyo vikundi vingi huweka kikomo, mathalani kwamba zawadi iliyo chini ya shilingi 40,000 inanunulia tiketi za wiki inayofuata. Lakini andikeni itakuwaje kwa mwanachama aliyechangia wiki ya ushindi akajitoa kabla ya wiki inayofuata. Jibu rahisi ni kwamba anayejitoa haachiwi madai juu ya zawadi zilizo chini ya kikomo hicho.

Mwisho ni sahihi za wanachama wote, pamoja na mashahidi wawili wasio wanachama. Kila mwanachama abaki na nakala yake, kwa maana nakala pekee ikikaa kwenye droo ya meza ya mshika tiketi, siku ya ugomvi itakuwa mikononi mwa yule mnayegombana naye.

Mshika tiketi anaruhusiwa kununua tiketi zake binafsi?

Nitajibu kwa yaliyonikuta. Tulikuwa watano, na tulikula mchana pamoja kila siku katika mgahawa mmoja wa karibu na Jamatini. Siku moja mwenzetu mmoja aliona ujumbe wa ushindi ukitokea kwenye simu ya mshika tiketi iliyokuwa kando ya sahani: shilingi 450,000. Mshika tiketi aliichukua simu, akaigeuza kioo chini, akaendelea kula. Alipoulizwa alisema kwamba tiketi ile aliinunua kwa fedha yake, asubuhi, kabla michango yetu haijaingia. Huenda alisema kweli. Simu ilikuwa moja, namba ilikuwa moja, tiketi za kikundi na zake zilikuwa kwenye orodha moja, na sisi hatukuwa na chochote cha kuonyesha ipi ni ipi. Fungu langu lingekuwa shilingi 90,000, ambazo nimeshazisahau. Sijasahau kwamba baada ya wiki ile hatukukaa tena meza moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mshika tiketi asinunue tiketi binafsi kwa namba ya simu inayotumika kununulia za kikundi. Akipenda kucheza yake, atumie namba nyingine. Na kila baada ya kununua za kikundi, atume kundini ujumbe wa uthibitisho au picha ya tiketi, ikionyesha namba za tiketi na saa, kabla ya droo kuchezeshwa. Picha iliyotumwa baada ya droo haina thamani hiyo hata kidogo.

Ujumbe wa M-Pesa na wa WhatsApp unakubalika mahakamani?

Ndiyo, unaweza kupokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inasema kwamba ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama itapima kuaminika kwake: ulitunzwaje, na aliyeutuma anatambulikaje. Hifadhini mazungumzo yenyewe kwenye simu, msitegemee skrinshoti peke yake, na msiruhusu kundi lifutwe.

Ujumbe huo unathibitisha kwamba fedha ilitumwa. Hausemi ilitumwa kwa ajili gani, isipokuwa kama kuna karatasi inayoeleza. Shilingi 1,000 iliyotoka kwako kwenda kwa mwenzako inaweza kuwa ya chai.

Tunahitaji wakili? Na stempu?

Wakili si lazima kwa kikundi cha elfu moja moja, ingawa kusaini mbele yake kunaondoa mabishano kuhusu nani alisaini. Ushuru wa stempu ni jambo tofauti, na watu wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati inayostahili ushuru huo isipolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kwa mkataba wa kawaida ushuru wenyewe ni mdogo, na ni afadhali kuulipa mapema kuliko kukumbushwa na wakili wa upande wa pili.

Mwanachama akifariki inakuwaje?

Akifariki baada ya kuchangia, fungu la droo hiyo ni sehemu ya mirathi yake na hudaiwa na msimamizi wa mirathi. Hali ngumu zaidi ni mshika tiketi anapofariki. Simu iko kwa familia, zawadi iko kwa jina lake, na mjane au watoto hawajawahi kusikia habari za kikundi. Mkiwaendea matangani na maneno matupu, mtaonekana mmekuja kunyang'anya mali ya marehemu, na hawatakuwa na kosa kuwaona hivyo. Karatasi yenye sahihi ya marehemu mwenyewe, inayosema kwamba alishika kwa niaba ya wenzake, ndiyo itakayozungumza na msimamizi wa mirathi.

Kuchangiana kunaongeza nafasi ya kushinda?

Kunaongeza nafasi ya kikundi, lakini kunapunguza fungu kwa kiwango hichohicho. Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49 kuna michanganyiko 13,983,816. Tiketi nane zenye michanganyiko tofauti zinawapa nafasi moja kati ya 1,747,977, ambayo bado ni ndogo mno, na zawadi ikija inagawanywa kwa nane. Kwa hiyo mchango uwe fedha ambayo mtu haihitaji, na mwenzenu anayekataa kushiriki kwa ajili ya dini yake au bajeti yake asisukumwe.

Tunaweza kuwauzia watu wengine mafungu na kupata faida kidogo?

Hapana. Mkianza kuuza nafasi kwa umma au kujikatia kamisheni, mmetoka kwenye kuchangiana na kuingia kwenye kuendesha biashara ya kubahatisha, na hiyo inahitaji leseni.

Tiketi yetu imeshinda jana na hatuna mkataba. Tumechelewa?

Mmechelewa kwa sehemu. Andikeni leo, kabla fedha haijapokelewa, lakini muwe waangalifu na maneno. Mkiandika kwamba mshika tiketi "anaahidi kuwapa wenzake" mafungu, mtakuwa mmeandika ahadi ya hisani tu, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kwa kawaida hubatilisha makubaliano yasiyo na malipo kutoka upande wa pili. Andikeni kile kilichotokea kweli: kwamba tarehe fulani, kabla ya droo, watu wafuatao walichangia kiasi kadhaa kila mmoja, kwamba walikubaliana kugawana sawa, kwamba tiketi yenye namba fulani ilinunuliwa kwa michango hiyo, na kwamba mshika tiketi anakiri haya yote. Hapo karatasi inakuwa ushahidi wa makubaliano yaliyokuwepo tangu awali.

Ambatisheni nakala za ujumbe wa michango, msaini wote, kisha mshika tiketi aende kudai zawadi akiwa na wenzake wawili. Akikataa kusaini, msimtishe na msimgeuze adui mbele ya ofisi nzima. Andikeni barua ya madai yenye tarehe, mwacheni na nakala mbele ya shahidi, na mwende kwa wakili mapema. Muda wa kufungua madai ya mkataba kwa kawaida ni miaka 6, lakini shilingi 24,000,000 zilizoingia kwenye akaunti ya mtu mmoja zinaweza kuwa zimeshageuka kiwanja Nkuhungu kabla ya mwezi kwisha.